Ankara ya eTIMS imetoka kwa PIN isiyo ya mnunuzi: kuirekebisha kwenye mfumo na kwenye ritani ya VAT

Ankara ikishatoka eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, haifutiki. Hakuna kitufe cha kuiondoa, wala hakuna pa kuifungua ukabadilisha PIN ya mnunuzi ukaihifadhi upya. Mfumo ukishaipa nambari na alama ya QR, kumbukumbu yake imo KRA na itabaki humo. Ndiyo maana mtu akikwambia "ile ankara nimeikanseli", muulize ameikanseli wapi. Huenda ametoa kredit noti, yaani hati ya kuipunguza ankara ya awali mpaka ibaki sufuri. Huenda pia amechana karatasi tu na kuifuta kwenye programu yake ya hesabu, na ile iliyoko KRA ingali hai, inadai kodi.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Hadiweya moja ya Nakuru, iliyosajiliwa kwa VAT, inauzia kampuni ya ujenzi saruji na mabati tarehe 26 Juni. Bei kabla ya kodi ni shilingi 250,000, VAT ya asilimia 16 ni 40,000, jumla 290,000. Aliyekuja kuchukua mzigo ni mkurugenzi wa kampuni mwenyewe. Keshia akamwomba PIN, naye akataja anayoikumbuka kichwani, ambayo ni yake binafsi. Ankara nambari 318 ikatoka kwa PIN hiyo. Tarehe 14 Julai mhasibu wa kampuni anaandaa ritani ya VAT ya Juni, anaangalia manunuzi yaliyojazwa na mfumo, na ile ya 290,000 haionekani popote.

Kosa hili lingeweza kuonekana palepale kaunta. PIN ya KRA ina herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni huanza na P. Ankara yenye jina linaloishia na "Limited" lakini PIN inayoanza na A tayari ina walakini, na huhitaji kuingia mtandaoni kuligundua hilo. Ukiwa na shaka zaidi, sehemu ya `PIN Checker` kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kutuma ritani, itakuonyesha jina la mwenye PIN.

Mfumo unaangalia PIN

Kabla ya kukimbilia kurekebisha, tambua kwanza ni kosa la aina gani, kwa sababu si kila kosa linadai kazi ileile.

Kwa KRA, mnunuzi ni PIN. Jina ni maandishi ya kumsaidia binadamu anayesoma. Mauzo yako yakiingia kwenye mfumo, yanapelekwa kwenye manunuzi ya yule mwenye PIN, hata kama jina lililoandikwa juu ni la mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo PIN ikiwa sahihi na jina likawa na kasoro ya tahajia, au likaandikwa la biashara badala ya la mwenyewe, mnunuzi ataiona ankara hiyo kwenye ritani yake na ataidai bila shida. Mwenye duka asiyekuwa na kampuni, kwa mfano, hutumia PIN yake binafsi, na jina lililosajiliwa ni lake, si lile lililopakwa rangi juu ya mlango. Hiyo ndiyo aina ya kwanza, na hapo hakuna kosa la kodi. Kwa maoni yetu ankara kama hiyo iachwe ilivyo, isipokuwa mnunuzi ni ofisi ambayo haitalipa mpaka jina lifanane herufi kwa herufi na oda yake. Serikali za kaunti zinajulikana kwa hilo. Ikilazimu, mfumo una sababu ya kredit noti ya jina lisilo sahihi, tofauti na ile ya PIN isiyo sahihi.

Aina ya pili ni ankara iliyotoka bila PIN yoyote, kama ya mteja wa kupita njia. Mauzo hayo ni halali na VAT yake inalipwa kama kawaida. Shida ni ya mnunuzi: akirudi baada ya siku tatu akisema anaihitaji kwa hesabu zake, PIN haiwezi kupachikwa juu ya ankara iliyokwisha toka. Anayepata hasara hapo si mwenye VAT peke yake. Tangu tarehe 1 Januari 2024, hata asiyesajiliwa kwa VAT anahitaji ankara ya kielektroniki ili gharama yake ikubalike kwenye kodi ya mapato, ukiacha miamala michache iliyosamehewa.

Aina ya tatu ndiyo ya hadiweya yetu: PIN ipo, ni halali, lakini ni ya mtu mwingine. Hii ndiyo nzito, kwa sababu sasa kuna watu watatu ndani yake. Kuna muuzaji, kuna mnunuzi wa kweli aliyekosa haki yake, na kuna mwenye PIN ambaye manunuzi yasiyo yake yameingia kwake bila yeye kujua. Mara nyingi huyu wa tatu si mkurugenzi. Ni mteja mwingine wa duka hilohilo mwenye jina linalofanana, aliyechaguliwa kwa bahati mbaya kwenye orodha ya wateja iliyohifadhiwa kwenye programu.

Aina ya pili na ya tatu zinatibiwa kwa njia moja: kredit noti ya kiasi chote dhidi ya ankara ya zamani, kisha ankara mpya kwa PIN sahihi.

Kutoa kredit noti bila kuongeza kosa la pili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Akili inakwambia kwamba kwa kuwa PIN ya kwanza ilikuwa mbaya, basi kredit noti iandikwe kwa PIN nzuri. Sivyo. Kredit noti inakwenda kuzima kitu kilicho kwenye akaunti ya PIN mbaya, kwa hiyo lazima iende kwa PIN hiyohiyo mbaya. Ukiielekeza kwa kampuni ya ujenzi, kampuni itapunguziwa manunuzi ya 250,000 ambayo haikuwahi kuongezewa, na mkurugenzi atabaki na ankara ambayo hakuna kilichoizima. Programu nyingi hukuepusha na hili kwa kukujazia zenyewe mnunuzi wa ankara ya awali mara unapoitaja. Anayeandika kredit noti kwa mkono kwenye programu yake ya hesabu, halafu programu hiyo ndiyo inayotuma kwa eTIMS, hana ulinzi huo.

Majina ya menyu hutofautiana kati ya programu na programu, lakini kazi ni ileile. Unaingia sehemu ya kredit noti, unaitafuta ankara 318, unachagua kiasi chote na si sehemu, unachagua sababu ya PIN ya mteja isiyo sahihi, unatuma. Usichague sababu ya bidhaa kuharibika au kurejeshewa pesa eti kwa kuwa iko juu ya orodha. Mkaguzi akija mwakani ataomba ushahidi wa mzigo uliorudi, na mzigo haukurudi.

Kwa wanaounganisha mfumo wao na eTIMS kupitia OSCU au VSCU, hizi ndizo sehemu zinazobeba maana ya kredit noti hiyo. Nyingine zote, pamoja na bidhaa na viwango vya kodi, zinabaki kama zilivyokuwa kwenye ankara ya awali:

```json
{
  "invcNo": 341,
  "orgInvcNo": 318,
  "custTin": "A000000000X",
  "rcptTyCd": "R",
  "rfdRsnCd": "07"
}
```

Herufi `R` inasema hii ni kredit noti, wakati mauzo ya kawaida hubeba `S`. Msimbo `07` ni sababu ya PIN ya mteja isiyo sahihi, na `08` ni ya jina. Angalia pia kwamba `custTin` bado ni ile PIN inayoanza na A.

Sehemu inayosumbua zaidi ni `orgInvcNo`. Inataka nambari ya mfululizo ya eTIMS, tarakimu tupu. Kwenye ankara iliyochapishwa nambari kamili huanza na kitambulisho cha kifaa, kisha mkwaju, kisha mfululizo, na ni huo mfululizo wa mwisho unaotakiwa hapa. Programu ya hesabu nayo huwa na nambari yake yenyewe, tuseme INV-2207, ambayo mteja ndiyo anayoijua na ndiyo atakayokutajia kwenye simu. Hiyo ya programu haina maana kwa eTIMS kama rejea. Ukiweka tarakimu zake kwenye `orgInvcNo`, ama mfumo utakataa, ama, vibaya zaidi, kutakuwa na ankara nyingine ya mtu mwingine yenye mfululizo huo.

Kredit noti ikishatoka, soma alama yake ya QR kwa simu. Ukurasa wa KRA ukifunguka na kuonyesha kiasi kilekile, imefika. Usiruke hatua hii ikiwa unatumia mfumo unaoweza kufanya kazi mtandao ukiwa umekatika na kutuma baadaye. Karatasi inaweza kuwa mkononi mwako huku data yake bado iko kwenye kompyuta ya dukani.

Sasa ndipo utoe ankara mpya kwa PIN ya kampuni: bidhaa zilezile, bei ileile, VAT ileile. Ukifuata mpangilio huu, kredit noti kwanza na ankara baadaye, unaepuka pia shida ya stoki. Ikiwa programu yako huhesabu bidhaa, kredit noti ya kiasi chote huchukuliwa kama mzigo umerudi, kisha ankara mpya inautoa tena. Ukianza na ankara mpya wakati mabati yamekwisha dukani, programu inaweza kugoma kwa kukosa stoki. Na kama mfumo wako unatuma mwendo wa stoki kwa ujumbe wa peke yake, hakikisha umetuma wa kurudi na wa kutoka pia. Vinginevyo mwisho wa mwezi utakuwa na mabati kwenye kompyuta ambayo hayapo stoo.

Kwenye vitabu vyako, malipo ya 290,000 yalikuwa yameshafungwa na ankara 318. Yafungue, uyafunge na ankara mpya. Usipofanya hivyo mkurugenzi ataonekana anakudai na kampuni itaonekana inadaiwa, na siku moja karani mpya atamtumia mteja barua ya kudai deni alilolipa zamani.

Ritani ya muuzaji

Hadiweya ilitoa kredit noti na ankara mpya tarehe 15 Julai. Ankara mpya inabeba tarehe ya siku ilipotolewa, si 26 Juni. Kutokana na hapo kila kitu kwenye ritani kinafuata tarehe ya kila hati.

Ritani ya Juni, inayotakiwa kufikia 20 Julai, inabeba ankara 318 kama ilivyo, na VAT ya mauzo ya 40,000 inalipwa. Muuzaji hashtuki hapo, kwa sababu mauzo yalifanyika Juni kweli na kodi yake ilikuwa ya Juni. Kosa lilikuwa la nani amenunua, si la kiasi gani kimeuzwa. Ritani ya Julai itabeba mambo mawili, kredit noti ya kutoa 40,000 na ankara mpya ya kuongeza 40,000. Zikijumlishwa ni sufuri. Kwa miezi yote miwili muuzaji amelipa 40,000 mara moja tu, kama ilivyopasa.

Kuna jambo dogo la kuangalia kwenye karatasi ya mauzo ya kiwango cha kawaida, ile yenye jina `B_General_Rated_Sales_Dtls`. Ritani hutenganisha mauzo kwa wateja waliosajiliwa kwa VAT, yanayoorodheshwa mmoja mmoja kwa PIN, na mauzo kwa wasiosajiliwa. Mkurugenzi hajasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo ankara 318 ilikaa upande wa wasiosajiliwa mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai kredit noti inapunguza upande huohuo, na ankara mpya inaingia kwenye orodha ya waliosajiliwa. Kama duka liliuza kidogo kwa wasiosajiliwa mwezi huo, jumla ya upande ule inaweza kushuka sana, hata ikawa na alama ya kutoa. Mhasibu asiyejua kisa chake ataona ni kosa na "kuirekebisha". Mwachie maelezo mapema.

Kredit noti kwenye ritani huja na nambari na tarehe ya ankara inayoirejelea. Linganisha nambari hiyo na 318 kabla ya kutuma.

Kama kosa lingegunduliwa tarehe 29 Juni, hati zote tatu zingeangukia mwezi mmoja na ritani moja, na kampuni ingedai kodi yake bila kuchelewa hata siku moja. Kwa duka lenye wateja wengi wa kampuni, kuwatumia orodha ya ankara zao tarehe 28 ni kazi ya nusu saa inayookoa kazi nyingi.

Je, ritani ya Juni irekebishwe?

Kwa mfano wetu, hapana. Ritani ya Juni ilisema kweli kuhusu kodi ya Juni. Kurekebisha kunahitajika pale tu ritani iliyotumwa ilikuwa na kasoro yenyewe, na kuna namna moja ya kuingia kwenye kasoro hiyo ambayo ni ya kawaida mno.

Tuseme muuzaji aligundua kosa tarehe 14 Julai, kabla ya kutuma ritani ya Juni. Akaona kwa kuwa ankara 318 ataikanseli kesho yake, hakuna haja ya kuilipia kodi, akaiondoa kwenye mauzo ya Juni. Kisha tarehe 15 Julai akatoa kredit noti na ankara mpya, zote zikaingia ritani ya Julai. Hebu hesabu. Juni: sufuri. Julai: kutoa 40,000, kuongeza 40,000, sufuri. Mauzo ya 250,000 yamefanyika, mzigo umeondoka, na hakuna shilingi iliyolipwa. Kredit noti imepunguza kitu ambacho hakijawahi kutangazwa.

Mfumo wa KRA una ankara 318 ya Juni na utaiona imekosekana kwenye ritani. Dawa ni kuingia iTax, menyu ya `Returns`, kisha `File Amended Return`, kuirudisha ankara 318 kwenye mwezi wa Juni na kulipa 40,000. Juu yake kuna adhabu ya kuchelewa kulipa ya asilimia 5, yaani 2,000, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, yaani 400 kwa mwezi.

Kosa la upande wa pili ni la mwenye haraka ya kumridhisha mteja: anatoa ankara mpya tarehe 15 Julai na kuahidi kushughulikia kredit noti baadaye. Baadaye haifiki. Huyu analipa 40,000 Juni na 40,000 nyingine Julai kwa mzigo mmoja. KRA haitamtumia ujumbe wa kumwonya, kwa kuwa kwa macho ya mfumo ameuza mara mbili. Njia ya kumjua ni kupanga mauzo ya robo mwaka kwa kiasi na kutafuta jumla zinazojirudia kwa majina tofauti.

Upande wa kampuni iliyonunua

Kampuni ya ujenzi inaumia kidogo hata marekebisho yakifanywa vizuri. Kwa ritani ya Juni haina ankara yenye PIN yake, kwa hiyo haiwezi kupunguza 40,000 kwenye kodi yake, na tarehe 20 Julai italipa zaidi kwa kiasi hicho. Itakirudisha kwenye ritani ya Julai inayotumwa kufikia 20 Agosti. Ni mwezi mmoja wa pesa kukaa nje.

Kishawishi cha mhasibu wake ni kuingiza ankara 318 kwa mkono kwenye `F_General_Rated_Purchases_Dtls` ya Juni, kwa hoja kwamba mzigo ulinunuliwa kweli na risiti ya benki ipo. Asifanye hivyo. KRA hulinganisha madai ya mnunuzi na mauzo ya muuzaji, na hapa muuzaji ametangaza 318 kwa PIN nyingine. Dai litaonekana kama lisilolingana na kampuni itatumiwa notisi ya kulieleza. Mbaya zaidi, ankara mpya ya Julai nayo itaingia yenyewe kwenye manunuzi yaliyojazwa na mfumo, na kampuni itajikuta imedai mzigo mmoja mara mbili.

Na asidhani kwamba akipata ankara mpya anaweza kuirudisha kwenye Juni kwa kurekebisha ritani yake. Ankara ni ya Julai, na sheria inaruhusu kodi idaiwe kuanzia kipindi ambacho mnunuzi ana hati mkononi.

Miezi sita, mara mbili

Hapa kuna saa mbili zinazotembea kwa wakati mmoja, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya muuzaji: sheria ya VAT, kifungu cha 16, hairuhusu kredit noti ikishapita miezi sita tangu ankara husika ilipotolewa. Kwa ankara ya 26 Juni, mwisho ni 26 Desemba.

Ya pili ni ya mnunuzi, kifungu cha 17: VAT ya ununuzi hudaiwa ndani ya miezi sita baada ya mwisho wa kipindi ambacho mauzo yalifanyika. Neno la kuangalia ni "mauzo". Miezi hiyo haihesabiwi kuanzia tarehe ya ankara mpya. Mzigo uliondoka Juni, kwa hiyo saa ya kampuni ilianza kuhesabu mwisho wa Juni na inaisha mwisho wa Desemba, hata kama ankara mpya imetoka Desemba. Ritani ya Desemba hutumwa Januari, na inaweza kuhesabiwa kuwa nje ya muda huo. Anayetaka kulala usingizi atahakikisha ankara mpya imetoka kabla ya mwisho wa Novemba, ili iingie kwenye ritani inayotumwa kufikia 20 Desemba. Muuzaji anayetoa kredit noti yake halali kabisa tarehe 22 Desemba anaweza kuwa ametimiza wajibu wake huku mnunuzi akipata karatasi ya kuweka kwenye faili tu.

Muda ukishapita, kutoa ankara mpya bila kredit noti ni kujilipisha kodi mara mbili. Kinachobaki ni mazungumzo ya bei kati ya muuzaji na mnunuzi juu ya nani abebe zile 40,000.

Yule wa tatu

Mwenye PIN iliyotumika kimakosa mara nyingi ndiye anayesahauliwa. Kama ni mkurugenzi asiyesajiliwa kwa VAT, hana la kufanya kwenye VAT. Kwenye ritani yake ya kodi ya mapato asiingize ankara hiyo kama gharama, na kredit noti itaiondoa kwenye kumbukumbu zake.

Kama ni kampuni nyingine iliyosajiliwa, hali ni tofauti. Tarehe 10 Julai inafungua ritani yake ya Juni na inaona saruji na mabati ambayo haikununua, pamoja na VAT ya 40,000 ya kudai. Iiondoe kwenye madai yake hata kama imo kwenye yale yaliyojazwa na mfumo, na imjulishe muuzaji kwa maandishi. Ikiwa imeshadai bila kuangalia, kredit noti itakuja kwenye manunuzi yake ya Julai ikiwa na alama ya kutoa, na ni lazima iiache iingie. Wapo wanaoiondoa kwa hasira wakisema "sisi hatujui ankara hii", na kwa kufanya hivyo wanabaki wamefaidika na 40,000 ambazo si zao. Hali ngumu kidogo ni ya aliyekataa ankara mwezi wa Juni, halafu kredit noti ikaja Julai. Huyo akiikubali anapunguziwa kodi ambayo hakuwahi kuidai. Kwake hati zote mbili zinapaswa kubaki nje, kisha aweke kwenye faili nakala ya ankara, ya kredit noti na barua aliyomwandikia muuzaji, kwa kuwa tofauti hiyo ya 40,000 ndiyo atakayoulizwa.

Muuzaji naye amtumie mtu huyu nakala ya kredit noti siku ileile anapoitoa, pamoja na mstari mmoja wa maelezo: ankara 318 ya 26 Juni ilitolewa kwa PIN yako kimakosa, imezimwa kwa kredit noti 341 ya 15 Julai, usiidai. Barua hiyohiyo, ikiwekwa pamoja na oda ya kampuni ya ujenzi na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa, inatosha kumweleza mkaguzi kwa nini kuna kredit noti ya 290,000 na hakuna mzigo uliorudi.